Mgeni Kapoteza Pasipoti: Kaunta ya Mapokezi Ianzie Wapi?

Hoteli za pwani ya Unguja zina karatasi ya kila kitu. Iko ya saa za chakula, iko ya neno la siri la mtandao, iko ya bei za dobi, iko ya saa za maji kujaa na kupwa. Ambayo mara nyingi haipo ni ile ya kumpa mgeni aliyesimama kaunta uso umemshuka, mkoba kaupekua weee, pasipoti haionekani. Hapo kila mmoja husema lake. Mlinzi anamtuma polisi, mhudumu wa mapokezi anamwambia apige simu ubalozini, meneja anasema wenye shughuli hiyo ni Uhamiaji. Hakuna aliyekosea, kwa sababu kote huko atafika. Lakini akianza na la mwisho akamalizia na la kwanza, siku tatu zinapotea na ndege inamwacha.

Nimechagua Zanzibar kwa makusudi. Mtalii akipoteza pasipoti Dar es Salaam, anapanda teksi hadi ubalozini kwao. Akiipotezea Paje au Nungwi, kati yake na ubalozi kuna bahari, na kwenye boti na kwenye ndege ndogo za kuvuka huulizwa kitambulisho kilekile alichokipoteza. Baadhi ya nchi zina mabalozi wa heshima visiwani, na ni watu wa kupigiwa simu mapema kwa sababu wanajua njia, lakini kwa kawaida hawatoi hati ya kusafiria. Hati inatoka ng'ambo.

Kabla ya simu yoyote, kuna kutafuta. Wengi hulichukulia hili kama jambo la kumtuliza mgeni tu, kumbe lina sababu ya msingi. Pasipoti ikisharipotiwa kwa serikali iliyoitoa kwamba imepotea, inafutwa, na namba yake hupelekwa kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati za safari zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kuanzia hapo namba hiyo ni ya hati iliyokufa. Mgeni akiikuta jioni ndani ya kiatu chake, haimsaidii kitu, na akijaribu kusafiri nayo anaweza kuzuiwa mpakani kama mtu aliyebeba pasipoti ya wizi. Kwa nchi nyingi taarifa hiyo hairudishwi nyuma hata mwenye pasipoti akiomba. Kwa hiyo saa moja au mbili za kutafuta kwa utulivu kabla ya kujaza fomu ya ubalozi si kupoteza muda. Ila kama mkoba umenyakuliwa barabarani na mtu akaonekana akikimbia nao, hakuna cha kutafuta: ni kituo cha polisi moja kwa moja, na ubalozi baadaye siku hiyohiyo.

Kutafuta kwenyewe kuna njia yake. Kumwambia mgeni "angalia vizuri chumbani" hakusaidii, ameshaangalia. Muulize badala yake mara ya mwisho alimpa nani pasipoti mkononi. Zanzibar mtalii huitoa pasipoti mkobani mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Aliitoa kwenye kibanda cha laini ya simu, kwa sababu laini haisajiliwi bila hiyo. Aliitoa kwenye duka la kubadilishia fedha. Aliionyesha kwenye kaunta ya boti. Pengine aliiacha kwa kijana wa kukodisha vespa iwe dhamana, akarudisha vespa na kusahau kuichukua. Pengine imebaki kwenye sefu ya hoteli aliyolala kabla ya kuja kwenu, maana mgeni anayehama asubuhi na mapema hufunga nguo zote na kusahau sefu.

Na kuna mahali pamoja ambapo mhudumu hapendi kuangalia: mashine ya kunakili iliyo nyuma ya kaunta yake mwenyewe. Mgeni anafika usiku na wenzake sita, pasipoti zinakusanywa, zinanakiliwa moja baada ya nyingine, na ya mwisho inabaki imelala kifudifudi juu ya kioo, kifuniko kimefungwa. Kesho yake hakuna aliyenakili kitu. Fungua kifuniko hicho kwanza, kisha droo ya fomu za wageni, kisha ndani ya fomu yenyewe, kwani kijitabu chembamba hujificha vizuri kati ya karatasi.

Simu kwa hoteli aliyotoka apige mhudumu, asiachiwe mgeni. Wa kaunta kwa wa kaunta wanaelewana upesi: "Habari za kazi, dada. Naomba muangalie sefu ya chumba alicholala mgeni wetu juzi, na daftari la vitu vilivyookotwa. Ni pasipoti ya Austria, gamba jekundu iliyokoza." Mgeni akipiga mwenyewe kwa Kiingereza cha kuungaunga, ataambiwa wataangalia, na hakuna atakayeangalia.

Wakati mmoja anatafuta, mwingine afungue jalada la wageni atoe nakala ya pasipoti iliyochukuliwa siku ya kufika. Karatasi hiyo sasa ni mali. Ina namba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha na jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi. Polisi wataihitaji, ubalozi utaihitaji, boti wataihitaji. Chapisha nakala tatu, na moja itumwe kwenye barua pepe ya mgeni mwenyewe. Isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi eti kila mtu asaidie kutafuta. Nakala ya pasipoti mikononi mwa watu ishirini ni mwanzo wa tatizo la pili.

Hapa nina neno na mameneja. Hoteli nyingi hunakili ukurasa wenye picha tu. Nakilini pia ukurasa wenye muhuri wa kuingia nchini. Ni sekunde kumi za kazi, na faida yake itaonekana mgeni atakapofika kwenye dirisha la Uhamiaji siku ya kuondoka, akiwa na hati mpya isiyo na alama yoyote kwamba aliwahi kuingia Tanzania.

Pasipoti isipopatikana, kituo cha kwanza ni polisi, na kuna swali moja litakaloamua karatasi atakayopewa: imepotea au imeibwa? Kilichopotea huandikiwa taarifa ya upotevu. Kilichoibwa hufunguliwa kumbukumbu ya tukio na mgeni hupewa namba yake, ile ambayo watu wote huiita RB. Mhudumu anayekwenda kutafsiri hupata kishawishi cha kuchagua jibu rahisi kwa niaba ya mgeni, labda kwa kuogopa neno "wizi" lisije likaharibu jina la hoteli. Hiyo si kazi yake. Kama mgeni anasema mkoba ulichukuliwa kitandani pa ufukweni alipokuwa anaogelea, itafsiriwe hivyohivyo. Kama hajui, aseme hajui. Baadaye kampuni ya bima huko kwao itasoma karatasi hiyo, na ikiona mgeni anadai wizi wakati polisi wameandika upotevu, haitalipa. Bima ya lazima ya Zanzibar, ambayo wageni wanatakiwa kuikata tangu Oktoba 2024, nayo isomwe hapohapo kabla ya kuondoka kaunta, pamoja na bima ya safari aliyotoka nayo kwao, kuona ipi inagharimia hati mpya na inataka karatasi gani.

Kabla ya kutoka kituoni, karatasi iangaliwe mambo manne: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe na mahali ilipopotelea, na muhuri unaosomeka. Muhuri uliofifia umewarudisha watu Malindi mara mbili. Karatasi ikiwa ya Kiswahili, hoteli inaweza kumwandikia mgeni tafsiri na kuiambatisha. Ubalozi ulioko Dar una watu wanaosoma Kiswahili, lakini bima ya Vienna haina.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mgeni ni mama wa Kiaustria, yuko Paje, amegundua Jumamosi asubuhi. Ndege yake ni Jumanne, kutoka Zanzibar kupitia Addis Ababa hadi Vienna. Mezani ana leseni ya udereva, kadi ya benki, simu na nakala ya pasipoti mliyompa.

Nimemchagua Muaustria kwa sababu nchi yake haina ubalozi Tanzania. Ubalozi wa Austria unaoihudumia Tanzania uko Nairobi. Mhudumu mwenye nia njema atatafuta "ubalozi wa Austria" kwenye simu, atakuta Nairobi, na atamwambia mgeni habari ya kuvunja moyo: ili upate pasipoti inabidi uvuke mpaka, na ili uvuke mpaka inabidi uwe na pasipoti. Sivyo. Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya ambaye nchi yake haina ubalozi mahali alipo ana haki ya kusaidiwa na ubalozi wa nchi nyingine yoyote ya Umoja huo, kwa masharti yaleyale wanayopewa raia wa nchi hiyo. Mama yetu anaweza kwenda kwa Wajerumani, waliomo kwenye jengo la Umoja House katikati ya Dar es Salaam, au kwa Wafaransa, au kwa Waitaliano. Hatapewa pasipoti ya Kijerumani. Atapewa hati ya dharura ya Umoja wa Ulaya, ya safari moja tu ya kurudi nyumbani.

Jumamosi balozi zimefungwa, lakini nyingi zina simu ya dharura ya mwishoni mwa wiki. Namba ichukuliwe kwenye tovuti ya ubalozi au ya wizara ya mambo ya nje ya nchi husika, si kwenye tangazo linalotokea la kwanza kwenye simu. Kuna tovuti za watu binafsi zinazojifanya ofisi za serikali na kutoza ada kwa fomu ambayo ni ya bure. Mama apige mwenyewe, aseme kwa Kijerumani, aulize mambo matatu tu: naweza kuja lini, nije na nini, na hati itachukua siku ngapi. Na apige pia Vienna au Nairobi kuwaarifu kwao, kwani ndio watakaoulizwa kama kweli yeye ni raia wao.

Hapo kwenye siku ngapi ndipo mapokezi hukosea kwa wema. Mhudumu anamwona mama analia, anamwambia usijali, Jumatatu utapata, Jumanne utapanda ndege. Tupige hesabu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inaupa ubalozi unaosaidia siku mbili za kazi kuwasiliana na nchi ya mgeni baada ya kupokea ombi. Nchi hiyo ina siku tatu za kazi kujibu. Baada ya jibu, ubalozi una siku mbili za kazi kutoa hati. Ombi likipokelewa Jumatatu, mambo yakienda kwa mwendo wa mwisho unaoruhusiwa, hati inatoka Jumatano ya wiki inayofuata. Huenda ikatoka mapema zaidi, na mara nyingi maofisa hujitahidi, lakini ndege ya Jumanne isitegemewe. Kila raia ana hesabu yake. Muingereza huomba hati yake ya dharura kwa mtandao na kwa kawaida huipata ndani ya siku mbili za kazi baada ya maombi kukamilika. Mmarekani huenda mwenyewe ubalozini Msasani na fomu mbili, DS-11 ya kuomba na DS-64 ya kueleza upotevu, na anaweza kupewa pasipoti ya dharura ya muda mfupi haraka zaidi. Kwa hiyo usimpe Muaustria ahadi uliyoisikia kwa mgeni Mmarekani wa mwezi uliopita.

Jambo la kufanya Jumamosi hiyohiyo, basi, ni kupigia shirika la ndege na kusogeza tarehe. Asogeze, asiache ndege ipite, kwa maana asiyetokea bila taarifa anaweza kufutiwa tiketi yote iliyobaki. Na hapa mhudumu anayeijua nchi anaweza kumpa mgeni shauri ambalo hakuna tovuti itakayompa: aulize kama anaweza kuondokea Dar es Salaam badala ya Zanzibar. Ndege za Addis Ababa zinatoka kote kuwili. Akipata hati Dar akaondokea Dar, amejiepushia boti ya kurudi, usiku mmoja wa hoteli, na maswali ya kaunta moja zaidi.

Karatasi ya kumkabidhi mgeni haihitaji kuwa ndefu. Iandikwe kwa Kiswahili mara moja, itafsiriwe kwa lugha za wageni wenu wa kila siku na mtu anayezijua lugha hizo vizuri, ikae kwenye droo. Inaweza kusema hivi:

"Tunasikitika kwa yaliyokupata. Kwanza tutafute pamoja kwa saa moja. Usiripoti ubalozini kwamba imepotea mpaka tumalize, kwa sababu ikisharipotiwa haitatumika tena. Hii hapa ni nakala ya pasipoti yako. Isipopatikana, mfanyakazi wetu atakusindikiza polisi. Eleza yaliyotokea kama yalivyotokea, naye atatafsiri. Kisha pigia ubalozi wa nchi yako. Kama nchi yako haina ubalozi Tanzania, tuambie, tutakusaidia kujua nani anakuhudumia. Ukishajua siku ya kupata hati, pigia shirika la ndege ubadilishe tarehe. Tutakupa barua ya hoteli ya kuonyesha kwenye boti. Hatuwezi kukuahidi siku ya kusafiri. Ubalozi pekee ndio unaoweza."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa mapokezi kuitamka. Isifutwe.

Barua ya hoteli nayo ni fupi: jina la mgeni, namba ya pasipoti iliyopotea, tarehe aliyofika hotelini, kwamba pasipoti ilionekana na kunakiliwa siku hiyo, kwamba upotevu umeripotiwa kituo fulani kwa namba fulani. Karatasi yenye nembo, muhuri, sahihi, jina la aliyesaini na simu inayopokelewa. Isiseme zaidi ya hapo. Hoteli haiwezi kuthibitisha uraia wa mtu, inaweza tu kuthibitisha ilichokiona.

Kwa kuvuka, mama apande na mambo manne mkononi, si ndani ya begi kubwa: karatasi ya polisi, nakala ya pasipoti, barua ya hoteli, na leseni yake yenye picha. Mhudumu apigie ofisi ya boti siku moja kabla, aeleze, aulize jina la zamu atakayemkuta. Boti ya alfajiri ya saa moja inamfikisha Dar yapata saa tatu, kwa hiyo miadi ya saa nne ina mashaka na ya saa tano inatosha. Kama miadi ni ya mapema, avuke Jumapili jioni alale Dar. Awahi bandarini kuliko abiria wengine. Anayefika dakika kumi kabla ya kuondoka, akiwa hana pasipoti, hana mtu mwenye nafasi ya kumsikiliza.

Kama pochi nayo imekwenda, kuna kikwazo kingine ambacho watu hawakifikirii. Simu imeibwa pamoja na pasipoti, na ili mgeni afungue barua pepe yake kupata visa aliyotumiwa, mtandao unataka kumtumia namba ya siri kwenye simu ileile iliyoibwa. Mpe kompyuta ya ofisini na simu ya mezani, apigie nyumbani mtu anayeweza kuingia kwenye akaunti hiyo au aliye na nakala. Akimaliza, hakikisheni ameondoka kwenye akaunti zake. Ubalozi hautamlipia hoteli wala nauli. Utamsaidia kuwasiliana na ndugu watume pesa.

Ubalozini mama atahitaji picha au atapigwa hapohapo, atajaza fomu, atalipa ada, na ataulizwa njia ya safari. Hili la njia alijibu kwa makini, akiwa na tiketi iliyobadilishwa mkononi. Hati ya dharura ni ya safari inayojulikana, na ile ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida haidumu zaidi ya siku 15. Kama akili yake ilikuwa kupumzika siku tano Arusha baada ya misukosuko, ajue kalenda inamhesabia. Kama tiketi mpya inapita nchi nyingine badala ya Addis Ababa, aulize kwanza kama nchi hiyo inaitambua hati ya dharura. Kaunta ya ndege ina mfumo wake wa kuangalia masharti ya hati kwa kila nchi, na shirika hutozwa faini likimbeba mtu asiyeruhusiwa, kwa hiyo mkaguzi akiwa na shaka hatamwonea haya.

Hati ikishatoka, namba iliyoko kwenye tiketi imekuwa ya zamani. Apigie shirika la ndege waingize namba mpya. Anayeunganisha kwenda Marekani au Uingereza kwa kibali cha mtandao ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa vibali hivyo, ESTA na ETA, hufungwa kwenye namba ya pasipoti. Pasipoti ikifa, kibali kimekufa nayo.

Imebaki Uhamiaji. Ofisa wa dirisha la kuondoka ataona hati mpya isiyo na visa wala muhuri wa kuingia, na ana wajibu wa kuuliza uliingiaje. Wageni huchukuliwa picha na alama za vidole wanapoingia, kwa hiyo kumbukumbu ipo, lakini kuitafuta usiku, foleni imejaa na ndege inaita abiria, si wakati wake. Mama apite ofisi ya Uhamiaji kabla ya siku ya safari. Kwa aliyeko Dar ni Kurasini. Aende na karatasi ya polisi, hati mpya, chapisho la visa aliyotumiwa kwa barua pepe kama aliomba kwa mtandao, na kile kipande cha tiketi ya ndege aliyokuja nayo ambacho watu hukitupa kwenye pipa la chumbani. Hapa ndipo ile nakala ya ukurasa wenye muhuri inapomaliza mazungumzo kwa dakika mbili. Kama siku zake za visa zimekaribia kuisha kwa ajili ya kusubiri hati, alitaje mwenyewe hapohapo, asisubiri kuambiwa uwanjani.

Na wiki tatu baada ya mama kufika Vienna, mtu wa usafi anasogeza kitanda na kuikuta pasipoti ukutani. Shangwe yote ya hoteli inaelekea sehemu moja: tumtumie kwa posta, atafurahi. Isitumwe. Hati hiyo imefutwa, na pasipoti iliyofutwa ikiingia mikono mibaya njiani bado ina thamani kwa anayejua kuitumia. Machi 2014, kwenye ndege ya Malaysia iliyopotea kati ya Kuala Lumpur na Beijing, abiria wawili walipanda kwa pasipoti zilizokuwa zimeibwa Thailand miaka ya nyuma, moja ya Austria na nyingine ya Italia. Namba zote mbili zilikuwamo kwenye hifadhidata ya Interpol, ila hakuna aliyeziangalia. Abiria hao hawakuhusishwa na kupotea kwa ndege, lakini pasipoti zenyewe zilikuwa zimeshasafiri zaidi ya wenyewe.

Iandikwe kwenye daftari la vitu vilivyookotwa: tarehe, chumba, aliyeiokota, namba. Mwenyewe aarifiwe kwa barua pepe. Kisha ipelekwe kituo kilekile kilichotoa karatasi ya upotevu, au kwa ubalozi husika, na aliyeipeleka arudi na sahihi ya aliyeipokea, ibandikwe kwenye ukurasa huohuo wa daftari.